QR inakubali, bima hamna: jinsi ya kuhakiki bima ya gari lako

Swali: "Shikamoo mzee wangu. Mwezi uliopita nilikata bima ndogo ya IST yangu kwa kijana mwenye steshenari karibu na stendi ya Kange, hapa Tanga. Nililipa 85,000 kwenye simu yake, akanitumia PDF kwa Watsapu, nikaprinti. Nikiskani ile QR inafunguka na imeandika Active. Sasa jamaa kaniambia hiyo feki. Inakuwaje feki wakati QR inakubali? Na nitajuaje kama kampuni inanitambua?"

Marahaba mwanangu. Huyo jamaa yako sijui yeye kaona nini, ila mimi kabla hata sijafika kwenye QR nimekwama hapo kwenye 85,000. Bima ndogo ya gari binafsi kima chake cha chini ni laki moja, unaongeza VAT asilimia 18, inakuja 118,000. Kile ni kima cha TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima, sio cha kampuni, kwahiyo hamna kampuni ya kukupunguzia elfu 33 eti kwasababu wewe mteja mzuri au mwezi mtukufu umekaribia. Mtu akikuuzia chini ya hapo ujue moja kati ya mawili, kakuuzia karatasi, au kakuandikishia kitu kingine kabisa ambacho sio ulichodhani unanunua. Na hela umetuma kwenye simu yake binafsi. Hayo mawili peke yake hayatoshi kusema feki, lakini yanatosha kukufanya uhakiki leo hii, usingoje kesho.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe maana ni zuri, na watu wengi wanaliwa hapo hapo.

Mimi nimekaa dirisha la madai miaka mingi. Enzi zile za stika za kubandika kiooni kazi ilikuwa ni kuangalia karatasi, unaishika, unaipeleka kwenye mwanga, unaangalia serial, unaangalia wino wa mhuri. Siku hizi hayo yote sahau. Bima ya gari sasa hivi ni rekodi kwenye mfumo wa TIRA unaoitwa TIRAMIS, hiyo karatasi uliyoprinti ni picha tu ya rekodi. Kampuni ya bima ikishaingiza taarifa zako, yaani jina, namba ya gari, chesisi, aina ya bima, tarehe na pesa, zinaenda TIRA, na TIRA ndo inarudisha namba ya stika. Nisome vizuri hapo: namba ya stika haitungwi na wakala wala haitungwi na kampuni, inarudi kutoka kwenye mfumo baada ya taarifa kupokelewa. Kwahiyo siku ukiambiwa "stika hii hapa chukua, ila kwenye mfumo itapanda kesho, mtandao uko chini", huo ni uongo wa mchana kweupe, kwasababu kama haijapanda basi hiyo namba iliyoandikwa hapo imetoka wapi?

Na QR je? Ile QR ndugu yangu ni anwani tu iliyochorwa kwa vidoti. Haijui imebandikwa kwenye karatasi ya nani. Mimi nikichukua stika halisi ya jirani, nikakata ile QR yake nikaibandika kwenye karatasi yenye jina lako na namba ya IST yako, ukiskani itafunguka vizuri kabisa, itakupeleka kwenye mfumo halisi wa TIRA, na itaandika Active, kwasababu kweli ipo hai. Bima ya jirani. Watu wengi wakiona hilo neno tu wanafunga simu wanaondoka wamefurahi, hawashuki chini kusoma ni gari gani linalozungumziwa pale.

Kuna na ile nyingine mbaya zaidi, QR inakupeleka kwenye tovuti ya tapeli mwenyewe, kaitengeneza kwa rangi zile zile na nembo ile ile, na humo kaandika jina lako, gari lako, kila kitu sawa sawa. Hiyo ukiskani utapigwa hata kama unasoma kwa makini. Dawa yake ni moja, usiskani. Andika anwani mwenyewe kwa kidole chako: tiramis.tira.go.tz. Angalia ile mwisho iwe .go.tz, hiyo ni ya taasisi za serikali tu. Ikiwa ina kistari kistari katikati halafu inaishia na .com au kitu kingine, hata ikiwa na neno tira mbele, achana nayo.

Ukishafungua hapo, kuna kitu kidogo ambacho kinabadilisha kila kitu. Mfumo unakuruhusu kutafuta kwa namba ya stika, kwa namba ya gari, au kwa chesisi. Kila mtu anakimbilia namba ya stika kwasababu ndo imeandikwa kubwa kwenye karatasi. Usianze nayo! Namba ya stika umepewa na muuzaji, ukitafuta kwa hiyo unamuuliza tapeli swali ambalo jibu lake kaliandaa yeye. Anza na kitu ambacho ni chako, hakijapita mkononi kwake. Chukua kadi ya gari, usichukue ile iliyoandikwa kwenye PDF, tafuta kwa namba ya usajili, halafu rudia tena kwa chesisi. Kama gari lako lina bima, litatokea bila hata kuijua hiyo stika. Mwisho kabisa ndo uingize namba ya stika ya kwenye karatasi, uone kama inakuletea gari lile lile.

Nikupe kisa kimoja ambacho kinafanana na chako mpaka nimecheka peke yangu nilipokusoma. Alikuja mtu ofisini, gari lake IST kama hilo lako, kamgonga mwendesha baiskeli maeneo ya Pongwe, mguu umevunjika. Kaja na karatasi safi kabisa, jina lake, namba ya gari lake, tarehe ziko ndani. Nikaingiza namba ya stika, Active. Mwenyewe kasimama pale anatabasamu. Nikashuka chini kwenye chesisi, nikaona inaanza na AZR60. Nikamwambia kaka hebu nipe kadi ya gari. Kadi inasoma NCP60. Sasa wewe unayeendesha IST utakuwa unajua, NCP60 ndo IST ya injini ndogo, hiyo AZR60 ni Noah. Kwahiyo ile stika ilikuwa ya Noah ya mtu mwingine kabisa, mtu ambaye kalipa hela yake halali, na wala hajui kama bima yake inatembea mjini kwenye gari mbili.

Nikatafuta kwa namba ya gari la huyu bwana. Hamna kitu. Nikatafuta kwa chesisi, ikaja bima ya miaka miwili nyuma, imeshaisha. Yaani gari lilikuwa limetembea zaidi ya mwaka halina bima yoyote na mwenyewe anajua anayo. Akauliza, "kwahiyo kampuni hailipi?" Kampuni italipa nini, haijawahi kumsikia. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inaibana kampuni ilipe hukumu ya mtu wa tatu pale ambapo kampuni ilitoa bima. Hapa hakuna aliyetoa. Gharama za yule wa baiskeli zikabaki kwenye mfuko wake, akauza na gari lenyewe.

Tulipoitazama ile karatasi kwa utulivu ndo tukaona ilivyotengenezwa. Mwenye Noah alienda siku moja kuprinti stika yake kwenye steshenari, faili likabaki kwenye kompyuta. Watu wanafanya hivyo kila siku, unatuma PDF kwa Watsapu ya steshenari, anaprinti, unalipa mia mbili yako unaondoka, kila kitu chako kimebaki pale. Sisemi kijana wako wa Kange ndo hivyo, simjui, ila na wewe jiulize kwanini muuza karatasi anauza na bima.

Aliyebadilisha lile faili alibadilisha vitu ambavyo mteja na trafiki wanaangalia, jina, namba ya gari na tarehe, mengine akayaacha ya Noah. Kwahiyo ukiwa na kava noti yako mkononi, yaani hiyo karatasi ya bima, sasa hivi shuka nayo polepole. Idadi ya viti, IST yako ina watano, pale imeandika wangapi? Ya yule bwana ilisoma nane. Ujazo wa injini, NCP60 ni kama 1,300 hivi, pale ilikuwa inasoma karibu 2,000. Angalia herufi za namba ya gari kama zina unene sawa na maandishi ya jirani yake, mara nyingi zinakuwa zimekaa juu kidogo au nyeusi zaidi. Na tarehe, hii mimi naipenda sana, bima ya mwaka ikianza tarehe 14 Machi inaisha tarehe 13 Machi mwaka unaofuata, siku moja kabla. Mtengeneza feki akibadilisha kwa mkono mara nyingi anaandika 14 mpaka 14 kwasababu hajawahi kukaa kwenye hii kazi. Lakini usije ukasema karatasi yangu haina hizo kasoro basi iko salama, hapana. Karatasi mbovu inakuambia ni feki, karatasi nzuri haikuambii chochote.

Sasa na upande wa pili niseme ukweli, kuna wakati unatafuta hupati kitu na bima ipo halali kabisa. Namba ya gari jaribu kuiandika na nafasi na bila nafasi, na chesisi ndo usiseme, sifuri inasomwa O, moja inasomwa I, na wakati mwingine kosa ni la mkataji bima mwenyewe aliyekosea herufi moja wakati anaingiza. Hilo kosa la kuingiza usilichukulie poa, siku ya ajali kampuni itakuuliza hili gari la kwenye mkataba liko wapi. Likiwa ni kosa la kuandika tu unaenda kampuni na kadi ya gari wanakutolea marekebisho, yanaitwa endosimenti, na baada ya hapo unatafuta tena uone imekaa sawa. Kwahiyo ukikosa kwa namba ya gari, jaribu kwa chesisi kabla hujaanza kumtukana mtu.

Halafu kuna hii ya tatu ambayo mimi mwenyewe ilinipata, na niko kwenye fani, aibu tupu. Nilikata bima kubwa ya pikapu yangu kupitia mtu ninayemfahamu, tunaswali msikiti mmoja, nikampa hela mkononi, akaniletea karatasi imeandikwa bima kubwa. Sikuhakiki, nitahakikije mtu ninayemfahamu. Miezi mitano mbele nimerudi nyuma nikagonga nguzo, nikaenda kudai, kwenye mfumo nina bima ndogo, ile inayolipa uliyemgonga tu, gari lako haitengenezi. Gari ni langu, chesisi ni yangu, jina langu, Active, kila kitu sawa kasoro aina ya bima. Yule bwana alichukua pesa ya bima kubwa, akalipia ndogo, karatasi akaibadilisha neno moja. Taa na bampa nikatengeneza kwa hela yangu.

Ndo maana nakuambia "ipo" haitoshi, unatakiwa ujue ipo ipi. Ya kwangu ilikuwa aina ya bima. Wengine wanapigwa kwenye muda, unalipa mwaka mzima, yeye anakukatia mwezi mmoja, karatasi inasoma mwaka. Mwezi wa kwanza ukihakiki ni Active, unatulia, mwezi wa pili imekufa na hujui. Na wengine wanapigwa kwenye matumizi, na hapa wewe nataka unisikilize kwasababu IST nyingi za hapa Tanga zinabeba abiria wa kuchangia kwenda Muheza na Pangani. Kama gari limeandikishwa binafsi na linafanya kazi ya abiria, kampuni itakuwa na la kubishana na wewe siku ya tukio, na itakuwa na haki yake. Bima ya gari la abiria ina bei yake nyingine, inapanda kwa idadi ya viti. Wakala anayetaka kukupa bei nzuri anaandika binafsi bila hata kukuuliza.

Baada ya TIRAMIS nenda kwenye kampuni yenyewe, na hapa ndo sehemu ya pili ya swali lako. Mfumo wa TIRA unakuonyesha kwamba kuna rekodi, kampuni ndo itakuambia hiyo rekodi imelipiwa na haina tatizo. Namba ya simu ya kampuni usichukue kwenye ile karatasi, kama karatasi ni ya tapeli na namba itakuwa ya binamu yake, atapokea "karibu kampuni fulani nikusaidie" kwa sauti nzuri kuliko ya kampuni yenyewe. Kama kampuni ina tawi hapa mjini panda bodaboda nenda wewe mwenyewe, kama haina ingia kwenye tovuti ya TIRA kuna orodha ya kampuni zilizosajiliwa, na mawakala na madalali wao pia wanasajiliwa, anzia hapo kutafuta mawasiliano.

Ukifika au ukipiga, usianze kwa kusema "nina stika namba fulani naomba mnithibitishie". Ukiuliza hivyo yule dada wa mapokezi ataangalia namba, ataona ipo, atakuambia ndiyo kaka ipo, na wote mtakuwa mmesema kweli na wewe umeliwa. Sema hivi: "Gari langu namba yake hii, chesisi hii, naomba mniangalizie kama lina mkataba kwenu." Halafu nyamaza. Muache yeye akusomee. Akusomee jina la mwenye bima, aina ya bima, matumizi ya gari, tarehe ya kuanza na kuisha. Wewe una karatasi yako mkononi unafuatisha kwa kidole. Akimaliza muulize vitu viwili ambavyo watu hawaulizi, je ada yote imeshapokelewa, na je huu mkataba umewahi kufutwa au kubadilishwa. Hilo la kufutwa ni muhimu kwasababu kuna mchezo wa kukata bima halali asubuhi, mteja anahakiki pale pale anaona sawa, anaondoka, jioni inafutwa kwa kisingizio kwamba ilikosewa. Ile PDF uliyoprinti asubuhi haiwezi kujua kilichotokea jioni. Kwahiyo bima mpya mimi huwa naihakiki mara mbili, siku ile ile na baada ya wiki moja hivi.

Muulize pia nani kaikata, jina la wakala kwenye mfumo. Kama ni mtu au ofisi usiyoijua, sio lazima iwe mbaya, kuna vijana wanapeleka kazi kwa wakala aliyesajiliwa wanapata chochote kitu, lakini utakuwa umejua wa kumshika ni nani. Na waombe wakutumie uthibitisho kwa imeili ya kampuni, mistari miwili inatosha, maana maneno ya kwenye simu siku ya ajali hayana mwenyewe.

Kingine ni risiti. Ulisema ulilipa kwenye simu ya kijana, risiti alikupa? Nahisi hapana. Bima ina VAT, kwahiyo unastahili risiti ya EFD yenye jina la kampuni, sio ya kitabu cha dukani. Ile risiti nayo inahakikiwa, verify.tra.go.tz, unaingiza ile namba ya uhakiki iliyoandikwa kwenye risiti pamoja na muda wake, inakuletea aliyetoa na kiasi. Ukikuta kiasi ni 59,000 wakati ulilipa ya gari, hapo utakuwa umeshajua umekatiwa ya pikipiki. Nimeshaona hiyo pia, gari la mtu limeandikishwa kama pikipiki ili tapeli abaki na nusu, na kwenye mfumo ukitafuta kwa namba ya gari inatokea vizuri tu, Active, mpaka usome aina ya chombo.

Haya, sasa tuseme umefanya yote hayo na gari lako halimo. Kwanza usiliwashe. Sio kwa ajili ya trafiki tu, maana trafiki siku hizi nao wanaangalia kwenye mfumo, bali ni kwamba kuanzia dakika uliyojua ile karatasi ni feki, hali yako kisheria imebadilika. Jana ulikuwa umetapeliwa. Leo ukimuonyesha askari karatasi unayojua ni ya kughushi, hapo unakaribia kosa la kutoa nyaraka ya uongo, na kwenye Kanuni ya Adhabu kinachoangaliwa ni kama ulikuwa unajua. Kata bima mpya kwanza, lipa kwenye akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni, ndo utoke barabarani.

Pili usimpigie kijana umfokee. Najua moto unakuwaka, lakini ukimfokea atafuta meseji, atazima simu, au atakuambia niongezee elfu thelathini nikurekebishie. Watu wanaongeza hiyo elfu thelathini, ndo ujinga wenyewe, anachorekebisha ni PDF. Wewe kimya kimya piga picha za mazungumzo yote ya Watsapu namba yake ikionekana juu, hifadhi lile faili la PDF kama lilivyotumwa, usitunze printi tu, na ile meseji ya muamala yenye jina lililosajiliwa kwenye laini, hilo jina ni dhahabu. Nenda polisi ufungue RB, halafu peleka nakala kwa kampuni ambayo jina lake limetumika na TIRA pia. Kampuni inaitaka sana hiyo karatasi kuliko unavyodhani kwasababu ina namba ya stika ya mteja wao halali, na kupitia hiyo wataona faili limevujia wapi.

Ikitokea kinyume chake, kwamba gari limo, kampuni inakutambua, ila umepewa pungufu ya ulicholipia kama mimi na pikapu yangu, na aliyekukatia ni wakala wao aliyesajiliwa, hapo usikubali kuambiwa "malizana na wakala wako". Andika malalamiko kwa kampuni kwa maandishi, ambatanisha muamala. Wakikuzungusha kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, kazi yake ni hiyo. Lakini msuluhishi anasuluhisha wewe na kampuni au wakala anayetambulika, yule ambaye kauza karatasi tu na hana usajili popote, huyo ni wa polisi, ukimpeleka kwa msuluhishi utarudishwa.

Nimekumbuka kitu, maana mara nyingi wanaoniuliza hapa Tanga wana safari ya Mombasa. Kama unapita Horohoro na hiyo IST utahitaji kadi ya njano ya COMESA, na hiyo inakaa juu ya bima ya ndani, haisimami peke yake. Kijana huyo huyo akikuuzia na kadi ya njano juu ya stika ambayo haipo, ujue una karatasi mbili feki badala ya moja, na ya pili utaigundulia ugenini.

Anza na kadi ya gari sasa hivi, fungua hiyo tiramis, ingiza chesisi. Inachukua dakika mbili kama bando lipo. Ikikuletea AZR60 nitafute.